3.8 Yangu Mbele ya Profesa wa Ujerumani

Kabla hamjaendelea kutumiana ile sauti ya jamaa yangu kwenye wasapu, anayosimulia eti nililia mbele ya profesa kwenye usaili kwa sababu ya fomu, sikilizeni na upande wa marehemu. Kwanza, sikulia. Nilikohoa.

Fomu yenyewe ni ile ya masta Ujerumani niliyowasumbua mniombee. Jamaa ndiye mwenye laptop, kwa hiyo tulijazia chumbani kwake, kila mtu na ya kwake. Usiku kucha tukabishana kuhusu kisanduku cha IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Nilikuwa na 7.0 ya kusikiliza, 6.0 ya kusoma, 6.0 ya kuandika na 6.5 ya kuongea. Jumlisha, gawa kwa nne, unapata 6.375. Mfumo ukaikataa, unataka nusu nusu tu. Jamaa akasema weka 6.0, wazungu wanapenda mtu mkweli. Karibu na alfajiri ndiyo nikashtuka kwamba watu wa IELTS wenyewe wameshapiga wastani, wakausogeza kwenye nusu iliyo karibu na kuuchapa kwenye cheti: 6.5. Ulikuwa mezani muda wote, chini ya sahani ya chipsi.

Kwa uchovu ule, kisanduku kilichofuata tulikijaza bila hata kukaa vizuri. Kiliandikwa `Final grade`, na pembeni, kwa maandishi ya sisimizi, `1.0–5.0`. Sasa mtu umesoma chuo cha Bongo, GPA yako inapimwa kwa tano, ukiona tano utauliza nini tena? Nikaweka 3.8. Daraja la pili la juu, jamani, msinichukulie poa.

Jana ndiyo usaili kwa video. Profesa mmoja na mama mmoja anayeandika. Jamaa kakaa nyuma ya laptop, eti analinda bando.

"Naona matokeo yako ya mwisho ni 3.8," akasema profesa.

"Ndiyo, profesa." Nikatabasamu.

Akasubiri. Nikaona anasubiri, nikamwongezea: "Nilijituma sana kuipata."

Yule mama akaacha kuandika.

"Na barua yako inasema ulikuwa miongoni mwa wanafunzi bora darasani."

"Ndiyo."

"Kwa 3.8."

"Ndiyo, profesa. Wengi hawakuifikia."

Jamaa akanipa dole. Nataka hilo mlikumbuke, maana kwenye sauti yake hakulitaja. Profesa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Halafu akauliza, kwa upole uliozidi kipimo: "Na hao ambao hawakuifikia, wako wapi sasa?"

"Wengi wameajiriwa, profesa. Mmoja anafundisha chuo."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata, nikasogeza uso kwenye kamera hadi wakaniona tundu za pua. Ndipo yule mama akaniuliza kama najua kwamba kwao 1.0 ndiyo ya juu kabisa, na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Yaani nilikuwa najisifia, na tai shingoni, kwamba nimeponea chupuchupu, na kwamba hapo ndipo kilele cha taifa letu. Na sisi ndio watoto wa NECTA! Fomu Foo pointi 7 unachinjiwa mbuzi, nilisahau vipi kwamba namba ndogo inaweza kuwa tamu? Hapo ndipo nilipokohoa.

Yule mama, Mungu ambariki, akanitumia palepale kwenye skrini kanuni yao ya kugeuza alama za nje ziwe za kwao:

```
x = 1 + 3 × (Nmax − Nd) / (Nmax − Nmin)
```

Nmax ni alama ya juu kabisa ya chuo chako, Nd ni yako wewe. Nmin nikakimbilia kuweka sifuri, ikatoka 1.72, nikaanza kufufuka. Hapana, akasema, Nmin ni alama ya chini ya kufaulu, angalia nyuma ya transkripti. Nikaigeuza mikono ikitetemeka: 2.0. Basi 5 toa 3.8 ni 1.2. Mara tatu, 3.6. Chini, 5 toa 2 ni 3. Gawa, unapata 1.2, ongeza 1: 2.2. Wao wanachukua hadi 2.5. Nikaambiwa nitume barua pepe ya marekebisho, nikaambatisha transkripti pande zote mbili, wakajibu wamepokea. Basi.

Wanaouliza kama nimepata: majibu bado, acheni kunipandisha presha.

Ila jamaa yangu, msambazaji wa sauti, usiku ule alijaza kisanduku hichohicho. GPA yake ni 4.1. Kwa kanuni ile ni 1.9, ananizidi. Lakini hakupiga kanuni, aliandika 4.1 kama ilivyo, na kwa Mjerumani ukivuka 4.0 hukufaulu chuo. Usaili wake ni Alhamisi. Nimempigia kumwambia, hapokei, yuko bize kunicheka.