Tangazo la Dubai kwa futi, mkataba kwa mita

Kwetu Dar dalali hakutajii ukubwa wa nyumba. Anakwambia "chumba na sebule, choo ndani, luku yako mwenyewe", nawe ukifika unaangalia kama kitanda cha tano kwa sita kitaingia na mlango wa kabati ukafunguka. Huku Dubai tangazo linaanza na namba, tuseme futi za mraba 710. Wenzangu wanaisifu kwamba huo ndio uwazi. Mimi naona imekaa kibiashara, hasa ukizingatia kwamba kwenye fomu ya mkataba inayosajiliwa Ejari, mfumo wa serikali ya Dubai wa kusajili mikataba ya kupanga, ukubwa huandikwa kwa mita za mraba.

Chukua fleti ya chumba kimoja ambayo mkataba wake unasema mita za mraba 54. Mita moja ni futi 3.28, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanazidisha 54 kwa 3.28, wanapata 177. Eneo lina urefu na upana, kwa hiyo unazidisha 3.28 kwa 3.28, na mita moja ya mraba inakuwa futi za mraba 10.76. Mara 54, unapata 581. Kama hesabu yako imekosewa utaijua haraka, maana chumba cha kumi kwa kumi cha uswahilini kwetu peke yake ni futi za mraba 100. Fleti yenye sebule, jiko, bafu na chumba cha kulala haiwezi kuwa 177. Wala usijisumbue na ile 1 ya mwisho: 54 yenyewe huenda imekadiriwa, sema 580 inatosha.

Sasa tangazo lilisema 710. Zile 130 zimetoka wapi? Mara nyingi ni balkoni. Balkoni ya mita mbili kwa sita ni mita za mraba 12. Ukijumlisha na 54 zinakuwa 66, na 66 mara 10.76 ni 710. Dalali hajadanganya, ila amehesabu mahali ambapo mwezi wa nane hukai hata dakika tano kwa joto.

Kwenye pesa ndipo inapouma. Kodi ikiwa dirham 60,000 kwa mwaka, ukigawa kwa 710 unalipa kama dirham 85 kwa kila futi ya mraba, na fleti inaonekana nafuu kuliko ya jirani. Gawa kwa 581, inafika 103. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha matangazo mawili, uliza kila moja kama balkoni imo, kisha omba ramani ya fleti yenye vipimo vya kila chumba.

Dalali wa Sinza hana ramani, na hela ya kuonyeshwa nyumba anaichukua hata usipoipenda. Lakini hajawahi kunihesabia kibaraza kama chumba.