Kariakoo walifunga maduka, wakulima wa alizeti wakanyamaza

Jumatatu ya Juni 24, 2024, wafanyabiashara wa Kariakoo hawakufungua maduka. Wiki haikuisha kabla mgomo haujafika miji mingine, Mwanza na Mbeya zikiwemo. Madai yao yalifahamika: mashine za EFD, kodi ya ongezeko la thamani, na hasa kamatakamata, yaani maofisa wa kodi kusimamisha wateja na mizigo mitaani na kudai risiti. Hapa Dodoma nilikuwa nasikia maelezo ya aina mbili. Vijiweni walisema, "Watu wamechoka." Maofisini walisema, "Kuna mtu nyuma yao."

Wanasosholojia wamebishana juu ya kauli hizo mbili kwa zaidi ya miaka 50. Ya kwanza ni nadharia ya kunyimwa kwa kulinganisha. Ya pili, ikisemwa kwa haki na bila vitisho, inakaribia nadharia ya uhamasishaji wa rasilimali. Makala nyingi nilizosoma kuhusu mgomo ule zilichukua moja na kuiacha nyingine, na zote zilikuwa na kosa moja: ziliwatazama waliogoma tu. Ukiwahoji waliogoma utakuta wana hasira, na utahitimisha kwamba hasira ndiyo chanzo. Lakini je, wenye hasira ambao hawakugoma? Sisi wa kanda ya kati tunalo kundi hilo, na tunaishi nalo. Ni wakulima wa alizeti wa Singida na Dodoma.

Nianze na nadharia ya kwanza. Samuel Stouffer na wenzake waliwachunguza askari wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakakuta jambo la ajabu. Katika jeshi la anga, ambako vyeo vilipandishwa haraka, manung'uniko kuhusu vyeo yalikuwa mengi. Kwa polisi wa jeshi, ambako kupanda cheo kulikuwa kwa nadra, watu waliridhika zaidi. Sababu ni kwamba mtu hujipima kwa walio karibu naye. Mwenzako wa jana akipanda na wewe ukabaki, unaumia. Wote mkibaki, mnazoea. Baadaye Ted Gurr alisema uasi hutokana na pengo kati ya kile watu wanachoamini wanastahili na kile wanachoona wanaweza kukipata. James Davies, mwaka 1962, alieleza pengo hilo linavyojitokeza: hali huboreka kwa muda, matumaini yakapanda pamoja nayo, kisha hali huporomoka ghafla huku matumaini yakiwa bado juu. Hapo ndipo, kwa maoni yake, watu huinuka.

Sasa litazame zao la alizeti. Mwaka 2021 serikali ilizindua kampeni kubwa na kuitaja Singida, Dodoma na Simiyu kuwa mikoa ya kimkakati. Mbegu za ruzuku ziligawiwa. Bei ya mafuta ya kula ilikuwa juu duniani, na vita vya Ukraine mwaka 2022 vikaipandisha zaidi, kwa hiyo gunia la alizeti likawa na thamani ambayo wengi hawakuwahi kuiona. Watu waliongeza mashamba. Mtu aliyekuwa analima eka mbili akakodi nyingine kwa kukopa, na nina ndugu waliofanya hivyo. Msimu wa 2023 mavuno yakaja mengi, wakati huohuo mafuta ya kutoka nje yakiwa yameingia kwa nafuu ya ushuru. Bei ikaanguka vibaya. Mkulima aliyeambiwa alime kwa ajili ya taifa alikuta wanunuzi hawana haraka naye.

Hilo ndilo hasa Davies alilolieleza: kupanda, kutumaini, kuporomoka. Tena wa kujilinganisha naye alikuwepo, yaani yeye mwenyewe wa mwaka uliotangulia. Kama kunyimwa kwa kulinganisha kungetosha kuzaa maandamano, barabara ya Singida ingefungwa kwa magunia. Haikufungwa. Kwa nini?

Nadharia ya pili inaanzia kwenye swali hilo. John McCarthy na Mayer Zald, katika maandishi yao ya miaka ya 1970, walisema manung'uniko yapo karibu kila mahali na kila wakati, kwa hiyo hayawezi peke yake kueleza kwa nini watu fulani wanainuka na wengine hawainuki. Kinachotofautiana ni uwezo wa kukusanya fedha, muda, watu, mawasiliano na uhalali mbele ya jamii. Nyuma yao kuna hoja ya Mancur Olson ya mwaka 1965: faida ya mgomo ikipatikana itamfikia hata asiyegoma, kwa hiyo kila mwenye akili timamu anatamani mwenzake ndiye agome. Kundi lisilo na njia ya kuwabana wategeaji hubaki kimya hata likiwa linaumia.

Angalia Kariakoo walivyolitatua tatizo la mtegeaji. Maduka yamebanana mtaa kwa mtaa. Anayefungua anaonekana na jirani yake papo hapo, na jirani huyo ndiye anayemkopesha mzigo, kumletea mteja na kushirikiana naye kontena. Kumsaliti kuna gharama kila siku baada ya mgomo. Wana Jumuiya ya Wafanyabiashara, yenye viongozi ambao serikali inawatambua na inaweza kukaa nao mezani. Wana makundi ya WhatsApp yaliyokuwepo kwa ajili ya biashara muda mrefu kabla ya kuwa ya mgomo. Wana akiba ya kukaa siku kadhaa bila mauzo, japo machinga na wabeba mizigo wa hapohapo hawana. Na wameshika mahali panapouma: wateja kutoka Zambia, Kongo na Malawi hununua pale, na kila siku ya kufunga ni mapato yanayoonekana kukosekana serikalini. Zaidi ya yote, walishajaribu. Mei 2023 waligoma, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja na kusitisha kikosi kazi cha kodi. Mwaka uliofuata walijua mlango uko wapi.

Mkulima wa alizeti hana hata kimoja kati ya hivyo. Yuko Mkalama, mwenzake yuko Kongwa, hawajuani. Mavuno hayauzwi siku moja wala mahali pamoja. Mmoja anauza Juni kwa sababu ya ada ya shule, mwingine anasubiri Septemba, wa tatu anakamua kwenye mashine ya jirani na kuuza mafuta na mashudu. Akiamua kugoma kuuza, hakuna atakayejua kwamba amegoma. Gunia linakaa ndani, panya wanakula, na mnunuzi anahamia kijiji cha pili. Kwa miaka mingi zao hilo limeuzwa kiholela kwa walanguzi, bila chama cha msingi chenye nguvu wala mnada. Hata kelele iliyosikika kuhusu bei ya 2023 ilipigwa na wenye viwanda vya kukamua na wabunge wa kanda hii, yaani watu wenye ofisi, takwimu na maikrofoni. Bajeti ya 2023/24 ilipokaza tena ushuru wa mafuta ya nje, mkulima alikuwa amesemewa.

Craig Jenkins na Charles Perrow waliona jambo hilohilo kwa vibarua wa mashambani Marekani. Chama chao cha miaka ya 1946 hadi 1952 kilishindwa. Kilichofuata, cha kina Cesar Chavez kuanzia 1965, kilifanikiwa. Umaskini wa vibarua haukuwa umeongezeka katikati. Kilichobadilika ni kwamba vyama vya wafanyakazi na makundi ya mijini yalikuwa sasa upande wao, na serikali ilikuwa imegawanyika.

Najua jibu ambalo wengi wanalo kwa ukimya wetu: watu wa kati ni wapole, Wagogo na Wanyaturu hawana fujo. Maelezo hayo sikubaliani nayo kabisa. Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi walikataa bei za mnada, na Novemba Rais John Magufuli akaamuru serikali inunue kwa Sh3,300 kwa kilo. Wale nao ni wakulima, wametawanyika vijijini kama sisi. Lakini korosho yao ilikusanywa ghalani kupitia vyama vya msingi, bei ikasomwa hadharani siku moja, na jibu la "hapana" likatolewa kwa pamoja. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao wakulima wengi wanaulalamikia, bila kukusudia ulikuwa umewapa chumba cha mkutano.

Hata hivyo nadharia ya rasilimali ina shimo lake. Kariakoo walikuwa na mitaa yao, simu zao na mitaji yao miaka mingi kabla ya 2023, na muda mwingi maduka yalikuwa wazi. Rasilimali zinaeleza nani anaweza. Hazielezi kwa nini wiki ile. Hapo inabidi kurudi kwenye maumivu, lakini maumivu ya aina maalumu. Edward Walsh, alipochunguza jamii zilizokuwa jirani na ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island ya mwaka 1979, alizungumzia dhiki inayoangushwa ghafla, ambayo yenyewe huwaamsha watu. Kodi kubwa ni dhiki ya kudumu, watu huizoea na kuikwepa. Kamatakamata ni dhiki yenye sura, saa na mtaa: mteja wa Lubumbashi anashikwa na mzigo mbele ya duka lako. Na kulinganisha nako kulikuwepo, kwa sababu wafanyabiashara walilalamika wazi kwamba wageni, hasa Wachina, wanauza rejareja kando yao. Lalamiko hilo halikupotea hewani. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo.

Kinachonikera ni namna wakubwa wanavyoitumia nusu ya hoja. Wakisema "kuna mtu nyuma yao" wanadhani wamethibitisha kwamba madai ni ya kupandikizwa. McCarthy na Zald wenyewe walikubali kwamba waratibu wanaweza kuyakuza manung'uniko, hata kuyatengeneza. Lakini kuwepo kwa mratibu, mchango na kundi la WhatsApp hakuthibitishi hilo; kunathibitisha tu kwamba watu hao wana njia ya kuongea pamoja. Katika tamko lake la Juni 2024 serikali ilikubali kusitisha ukaguzi wa risiti Kariakoo, na siku chache baadaye kamishna mkuu wa TRA akabadilishwa. Hatua kama hizo hazichukuliwi kwa madai hewa.

Upande wa pili wa kosa hilo unatugusa zaidi hapa kwetu. Mwaka 2023 ukimya wa wakulima ulisomwa kama uvumilivu. Walioumia walijibu kwa njia waliyokuwa nayo: kwa ndugu zangu, eka za kukodi zilirudishwa kwa wenyewe na shamba la alizeti likawa la mtama na dengu. Uamuzi huo hauna msemaji, haufungi barabara, na hakuna waziri anayekimbilia Mkalama kuusikiliza. Unaonekana kwa afisa kilimo anapohesabu mbegu za ruzuku ambazo hazikuchukuliwa, na kwa mwenye mashine ya kukamua anayefunga mapema kuliko alivyozoea.