Duka kutimiza miaka: sababu ya ofa au kisingizio?

"Nina duka la mashuka na mapazia Mwanza, nililifungua Februari 2019. Septemba hakuna sikukuu na mauzo yanalala. Nikitangaza ofa ya msimu wa kutimiza miaka saba, wateja wataniamini au wataniona mwongo?"

Dada, wapo wafanyabiashara wazoefu watakaokwambia usijisumbue na sababu, kwa kuwa mteja anaangalia bei tu. Kwa bidhaa ambayo bei yake kila mtu anaijua, wana haki. Kilo ya sukari ikishuka kwa shilingi mia tatu, hakuna anayeuliza duka lina miaka mingapi. Lakini shuka si sukari. Mnunuzi hajui idadi ya nyuzi, hajui kama pamba imechanganywa, na kwenye duka la jirani shuka linalofanana na lako linauzwa bei nyingine kabisa. Hana pa kuipimia bei yako, kwa hiyo anapima maneno yako.

Niliwahi kumtazama mama mmoja dukani akiwa ameshika shuka lenye lebo nyekundu: elfu 30 imekatwa kwa kalamu, chini yake elfu 24. Aligeuza lebo, akaanza kuibandua pembeni kwa ukucha. Chini kulikuwa na lebo ya zamani, nayo ilisema elfu 24. Hakugombana na mtu. Alilikunja shuka vizuri, akalirudisha, akatoka. Muuzaji wa duka lile hatajua kamwe kwa nini siku ile hakuuza.

Kwetu tatizo hili lina mzizi mwingine. Tumekulia kwenye kupatana bei. Bei iliyokatwa kwa kalamu, kwa mteja wa sokoni, ni ile ya kuanzia tu, ambayo hakuna aliyewahi kuilipa. Kama Agosti ulikuwa unamwachia shuka la elfu 30 kwa elfu 25 kila anayekubembeleza, ofa yako ya Septemba ya elfu 24 ni punguzo la elfu moja, na wateja wako wanalijua hilo. Kwa hiyo kabla ya kutafuta sababu, kaa angalau mwezi mzima na bei moja isiyopatanwa. Umoja wa Ulaya uliweka kipimo kinachofaa kuigwa: duka linalotangaza punguzo lioneshe bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Hapa Tanzania Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 haimruhusu muuzaji kumpotosha mnunuzi, na ushahidi uko kwenye pochi za wateja wako, yaani risiti za EFD za Agosti. Risiti hizo zinaweza kukutetea au kukuumbua, kutegemea ulichofanya.

Sasa tarehe. Anayetaka kutetea kuisogeza atakutajia Amazon. Tovuti yao ilianza kuuza mwezi Julai 1995, na Julai 15, 2015 wakafanya Prime Day ya kwanza, siku yao ya punguzo kubwa, wakisema ni kwa kutimiza miaka 20. Mwaka 2020, wakati wa korona, waliisogeza hadi Oktoba, na 2021 ikafanyika Juni. Hakuna aliyesusa. Ni kweli, ila tazama mpangilio wake: ya kwanza iliangukia mwezi wenyewe wa kuzaliwa, na ilipokuja kusogezwa, watu walikuwa wanaifuata kwa jina lake, si kwa umri wa kampuni. Wachina wa JD.com, duka kubwa la mtandaoni, walishikilia tarehe hasa. Kampuni ilianzishwa Juni 18, 1998, na mauzo yao makubwa ya kila mwaka yanaitwa 618, mwezi na siku. Yamekua hadi washindani wao nao wanapunguza bei msimu huohuo.

Wewe huna jina la kubeba uzito huo bado. Una wateja wa mtaa, na baadhi yao walikunywa soda dukani siku ya ufunguzi. Mmoja tu akisema "lakini si tulifungua Februari?", bango lote limekufa. Kwa maoni yangu, umri wa duka uuache Februari. Septemba itafutie jambo lililotokea Septemba kweli: mwezi uliohamia kwenye fremu ya sasa, au uliopokea mzigo wa kwanza wa mapazia. Kama jambo hilo lipo, una picha, una mkataba wa pango, una risiti. Kama halipo, usilitunge.

Hata hivyo tarehe ya kweli ni nusu ya kazi. Kutimiza miaka kunaeleza kwa nini ofa ni sasa, hakuelezi kwa nini bei imeshuka. Mteja anajiuliza kimyakimya: wewe kusherehekea kunapunguzaje gharama ya shuka? Ndiyo maana naipenda njia ya Nordstrom, duka kubwa la Marekani lililoanzishwa 1901. Ofa yao ya kuadhimisha kuanzishwa kwa duka inafanyika majira ya kiangazi, na kiini chake si mabaki. Ni nguo mpya za msimu unaokuja, zinauzwa bei ya chini kwa muda maalumu, kisha bei inapanda. Bei inajieleza yenyewe: ukiwahi unalipa kidogo. Kwako sababu ya pili inaweza kuwa kupisha mzigo wa Desemba, au rangi nne ambazo hutaagiza tena. Iandike kwenye bango kwa maneno hayohayo.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Chukulia shuka unalinunua elfu 18 na kuliuza elfu 30, unabaki na elfu 12. Ukiuza 60 kwa mwezi, ni shilingi 720,000. Ukipunguza asilimia 20, bei ni elfu 24 na unabaki na elfu 6. Punguzo ni la moja ya tano, lakini faida imekatika nusu, na itabidi uuze mashuka 120 ili urudi palepale ulipokuwa. Ukibakiza bei ya elfu 30 na kumpa mteja foronya mbili zilizokugharimu elfu 4, unabaki na elfu 8, na unahitaji kuuza 90. Zawadi ya foronya ina faida nyingine: haigusi bei ya shuka, na haimfundishi mteja kwamba shuka lako thamani yake ni elfu 24.

Nami nakiri upande wa pili una nguvu hapa: foronya hazivuti macho kama bango la asilimia 20, na mzigo uliokaa stoo miezi kumi unakula mtaji kila siku. Kwa rangi zile nne kata bei bila huruma. Kwa mashuka yanayotoka kila wiki, toa foronya.

Kuna mteja mmoja wa kumfikiria mapema, yule aliyenunua Agosti 28 kwa bei kamili. Mwambie alete risiti ya ndani ya siku 14, apewe foronya zake. Watakaokuja ni wachache, na hao ndio watakaosimulia.

Ofa ikifungwa tarehe 21, bango lishuke usiku huohuo na bei ya asubuhi iwe elfu 30. Usihesabu Septemba peke yake. Jumlisha faida ya Septemba na Oktoba, kisha uilinganishe na miezi hiyo miwili ya mwaka jana. Oktoba ikizama kwa kiasi kilekile ambacho Septemba ilipanda, wateja wako wamenunua mapema tu kile ambacho wangenunua kwa bei kamili.