Hasara Mia Mbili za Mama wa Tukuyu

Nilifundisha Kiswahili sekondari miaka tisa kabla sijahamia Mbeya, na kalamu nyekundu ikishaingia kwenye damu haitoki. Hata tangazo la msiba nikiliona ukutani mkono huwa unanitembea. Ongezea kwamba nimezaliwa Tanga, kule ambako kila mtu anaamini lugha ilianzia barazani kwa babu yake.

Basi nikapata kazi ya kunakili mahojiano. Mtafiti mmoja, dada mpole anayevaa miwani na koti zito hata Novemba, alikuwa na rekodi nane za wakulima wa parachichi Rungwe na bwana shamba wao. Kazi yenyewe ni kusikiliza na kuchapa. Nilikuwa nalipwa kwa dakika ya sauti. Nilipopiga hesabu niliona utajiri, mpaka nilipogundua kwamba saa moja ya sauti inanila saa tano au sita za kuchapa, kwa kuwa unarudisha sekunde nne, unasikiliza, unaandika maneno matatu, unarudisha tena.

Alinipa na mwongozo wa kurasa mbili. Mstari wa kwanza ulisema: andika kinachosikika, si kinachotakiwa kusikika. Usitafsiri, usisahihishe, Kiswahili wala Kiingereza. Nikasoma nikatabasamu. Nikasema moyoni, huyu dada ni mstaarabu, hataki kunipa kazi nyingi. Ila mimi nitamfanyia zaidi.

Nikakaa chumbani kwangu Soweto, blanketi magotini, hedifoni masikioni. Wale wakulima walikuwa wanachanganya lugha kama makande. Bwana shamba anaanza na "so", katikati anaweka "because", anamalizia na "mmenielewa?". Mama mmoja anasema "nika-disaidi". Nilikuwa naumia kimwili. Nikaanza kusafisha. "Kudisaidi" ikawa kuamua. Bwana shamba aliposema `informations` nikamfutia ile `s` ya mwisho, nikajiona nimemsitiri mtu wa watu. Mzee mmoja alipoaga kwa "ndaga fijo" nikaandika "asante sana", maana Kinyakyusa hakikuwa hata kwenye mkataba.

Kilichonishinda ni "so". Ilikuwa kila mahali kama siafu. Kuifuta moja moja kungenichukua hadi Pasaka. Nikabonyeza `Ctrl+H`, juu nikaandika `so`, chini nikaandika `kwa hiyo`, nikabonyeza `Replace All`. Kompyuta ikaniambia mabadiliko yamefanyika, idadi kubwa kuliko nilivyotegemea. Nikafurahi. Nikahifadhi, nikafunga, nikalala. Kile kisanduku kidogo cha `Find whole words only` sikukiweka alama. Wakati ule sikujua hata kwamba kipo.

Nikatuma mafaili manne ya kwanza. Siku ya tatu dada akapiga simu, sauti imetulia mno.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, daktari."

"Mwalimu, kuna mtaa Mbeya unaitwa Kwahiyoweto?"

Nikacheka, nikidhani ni utani wa watafiti. Akanisomea. Mkulima wangu, kwa maandishi yangu mwenyewe, alikuwa amesema hivi:

```
Nilitoka Kwa hiyoweto nikapita kwa hiyokoni
kununua kwa hiyoda. Watoto wapo makwa hiyomoni.
```

Soweto, sokoni, soda, masomoni. Popote herufi hizo mbili zilipokaa pamoja, hata ndani ya tumbo la neno lingine, mashine ilikuwa imezing'oa. Kuna mahali mtu "alinigeuzia kikwa hiyogo". Nilitaka kujificha chini ya blanketi langu.

Lakini dada hakuwa amekasirikia kisogo. Alisema kilichomshtua kwanza ni kwamba alitafuta `so` kwenye mafaili yote manne akapata sifuri. Alikuwepo siku ya kurekodi na masikio yake aliyasikia. Ile ndiyo alikuwa anaitafuta! Alitaka kujua mkulima anasema "so" wapi na "kwa hiyo" wapi, na kama anafanya hivyo anapozungumza na bwana shamba tu au hata na jirani yake. Mimi nilikuwa nimempelekea chungu nikiwa nimeshakula wali.

Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria miaka tisa ya ualimu. Mwanaisimu Mmarekani, Carol Myers-Scotton, aliyechunguza mazungumzo ya watu wa Nairobi, mwaka 1993 alieleza kwamba katika mchanganyiko wa namna hii lugha moja ndiyo inayojenga fremu ya sentensi, na nyingine inapachikwa ndani yake. Mama akisema `nika-spray`, ile `nika` ya Kiswahili ndiyo imebeba nafsi na wakati, na Kiingereza kimeleta kitendo peke yake. Ukiandika "nikanyunyiza" umeziba kiungo chenyewe, na msomaji hawezi kujua hapo palikuwa na kiungo. Kwa sababu hiyo mwongozo wake ulitaka kistari kwenye mpaka wa lugha. Neno lililokwisha kuwa letu, kama benki au shule, liandikwe Kiswahili. Lenye utata uliamue mara moja, uliweke kwenye orodha ya maamuzi, na uamuzi huo usiugeuze tena hadi rekodi ya mwisho. Orodha ile nilikuwa nimetumiwa. Nilikuwa nimeandikia bajeti ya mkaa nyuma yake.

Akanipa nafasi ya kurudia, ila akasema Jumamosi anakwenda Tukuyu kuwasomea wakulima maneno yao wayathibitishe, na faili la tano, la mama mmoja mwenye sauti nzito, alikuwa hajapata muda wa kulikagua. Mimi niende naye. Nikamwambia la tano liko safi, lile sikuligusa kwa `Replace All`. Na kweli sikuligusa kwa mashine. Nililigusa kwa mikono.

Tukapanda kosta, Uyole, Isyonje, Kiwira, mvua inatusindikiza. Ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa. Yule mama alikaa mbele, kitenge kipya, na wenzake wa kikoba wamemzunguka, maana yeye ndiye mweka hazina wao. Dada akanipa karatasi nisome mimi, kwa kuwa sauti yangu ni ya darasani.

Nikakohoa, nikasoma kwa lafudhi ya Tanga: "Mimi nilianza na hasara hamsini."

Kukawa kimya. Nikaendelea, nikidhani wameguswa. "Mwaka uliofuata nikaongeza hasara nyingine. Sasa hivi nina hasara mia mbili, na namshukuru Mungu, hasara zangu zinakwenda mpaka Ulaya."

Mama mmoja wa kikoba akasimama. "Mweka hazina una hasara mia mbili? Mia mbili elfu au milioni?" Mwingine akauliza sanduku liko wapi. Wa tatu akasema ndiyo maana mikopo imechelewa. Kitenge kipya kikaanza kutazamwa kwa jicho jingine kabisa.

Yule mama akanigeukia taratibu. "Mwanangu, nani kakwambia mimi nina hasara?"

"Mama, ni maneno yako mwenyewe, dakika ya kumi na nne."

"Nilisema hasi!"

"Ndiyo, hasi, yaani upungufu. Nikaona umemeza silabi ya mwisho."

Ofisi nzima ikapiga kelele kwa pamoja: parachichi! Hasi ni parachichi! Zile za kubebesha, ngozi ngumu, zinazoiva zikawa nyeusi, zinazosafirishwa nje. Jina lake ni `Hass`, na Rungwe yote wanaita hasi. Mimi ninayekula parachichi la kienyeji na chumvi sikuwa na habari. Siku ile ya rekodi mvua ilikuwa inapiga mabati, na nilipotilia shaka, badala ya kuandika `[haisikiki]` na dakika yake, nilitumia akili.

Dada akatoa simu yake, akaicheza dakika ile mbele ya kikoba kizima. Tukasikiliza mara tatu. Kisha akafungua kompyuta, nikachapa pale pale, nikiwa nimesimamiwa na wanawake kumi na wawili:

```
00:14:06 MAMA: mimi nilianza na hasi hamsini,
  so nika-spray mwenyewe
MAELEZO: hasi = parachichi aina ya Hass
```

Angalieni hapo. Mstari wa juu ni wa mama, siugusi. Ninachokijua mimi, au ninachodhani ninakijua, kinakaa chini, kimeandikwa kwamba ni changu. Ningefanya hivyo tangu mwanzo, hata kama maelezo yangu yangekuwa ya kijinga ("hasi = upungufu?"), dada angeiona alama ya kuuliza, angecheka peke yake ofisini, na heshima ya mweka hazina ingebaki salama. Kosa lililokaa ndani ya maneno ya mtu halina alama. Linafanana na ukweli.

Ikafika zamu ya bwana shamba. Safari hii nilikuwa nimeirudia rekodi yake kwa uaminifu wa kutisha, na nikasoma kila kitu, pamoja na ile `informations`. Vijana wa nyuma wakacheka. Bwana shamba akanivuta pembeni, akaninong'oneza, "Mwalimu, wewe si msomi? Hiyo si ungenirekebishia?"

Nikamtazama kwa huruma ya mtu aliyetoka kaburini jana. Nikamwita dada. Akamwambia kwamba maneno ni yake, na akitaka sentensi ile isinukuliwe kwenye ripoti kwa jina la kazi yake, haitanukuliwa hivyo. Ila nakala ya kuchunguzia lugha itabaki kama alivyosema, na akitaka kubadili jambo litaandikwa kwenye mstari wa maelezo kwamba amebadilisha baadaye. Bwana shamba akafikiri. "Basi acheni," akasema. "So, kumbe hata yangu ni informesheni." Dada akaandika na hiyo.

Kikoba kilichukua muda zaidi kutulia. Walihesabu fedha za sanduku palepale, mbele yangu, mpaka shilingi ya mwisho, zikatimia. Yule mama hakusema neno muda wote wa kuhesabu. Tulipoaga nikasema "ndaga fijo", na nikaapa nikifika nyumbani nitamrudishia na yule mzee ya kwake.

Mama akanifuata hadi barabarani na mfuko wa rambo umejaa, akauweka miguuni pangu.

"Shika, mwanangu. Hasara kumi. Tano bado ngumu, zifungie kwenye gazeti."