"Hoja imepokelewa, itafanyiwa kazi" sio jibu

Juzi nimeletewa rasimu ya majibu ya barua ya menejimenti, ile mkaguzi anayowaandikia wenye ofisi hoja zake, ya zahanati moja ya binafsi huko wilayani, nipitie kabla mganga mfawidhi hajasaini. Hoja ya mkaguzi kuhusu fedha taslimu imechukua ukurasa mzima. Jibu ni mstari mmoja: "Hoja imepokelewa, menejimenti itaimarisha udhibiti mara moja." Nikauliza mwaka jana waliandika nini, nikaletewa faili, maneno yale yale! Nimekasirika kweli, kwa sababu anayebaki na mzigo wa jibu kama hilo ni keshia.

Mkaguzi alichukua siku tatu tu akazipima. Risiti za Jumatatu zilikuwa 486,000, Jumanne 402,000, Jumatano 424,000, jumla shilingi 1,312,000. Alhamisi benki zikaingia 1,190,000. Makusanyo yameguswa njiani. Zimepungua 122,000. Vocha zikapatikana za 97,000, dizeli ya jenereta na vitendanishi vya maabara. Zilizobaki 25,000 hazina karatasi.

Sasa ukijibu "keshia ameonywa" umejibu nini? Mimi nilikaa na yule dada nusu saa nikaelewa. Peti kashi yao ni 100,000, inaisha siku ya pili, na kuirudishia kunasubiri watia saini wawili ambao mmoja anakaa mjini, na benki iko kilomita 28, kwa hiyo umeme ukikatika na friji ya chanjo inasubiri, dizeli inanunuliwa kwa hela ya wagonjwa iliyopo kwenye droo. Hicho ndicho chanzo, na kwenye rasimu hakikuandikwa popote. Ukiacha chanzo kikiwa hai, hata umlete keshia mwingine kesho, wiki ya pili na yeye atafungua ile droo.

Tukaandika upya. Kwanza peti kashi ipande hadi 250,000, ikifika 80,000 irudishiwe kiasi kile kile cha vocha zilizotumika, ili muda wowote ukijumlisha hela iliyopo na vocha upate 250,000 kamili. Hiyo inahitaji idhini ya bodi na bodi inakaa tarehe 12 Juni, kwa hiyo tarehe tuliyoweka ni 15 Juni, mhusika mhasibu, ushahidi ni muhtasari wa kikao. Rasimu ilisema "mara moja", kitu ambacho mhasibu hana mamlaka nacho!

Pili, makusanyo yote yaende kwa wakala wa benki pale sokoni kabla ya saa nne asubuhi siku ya kazi inayofuata, bila kukatwa hata mia, na kwenye slipu iandikwe namba ya risiti ya kwanza na ya mwisho. Hii haihitaji kikao, imeanza tarehe 20 Mei. Slipu ya wakala peke yake haitoshi, mhasibu lazima aione hela kwenye taarifa ya benki. Na zile 25,000, keshia ameandika maelezo yake, bodi itaamua 12 Juni, tukaandika hivyo hivyo bila kuficha.

Hoja nyingine ni ya kutenganisha majukumu, yaani anayepokea hela asiwe ndiye anayejikagua mwenyewe, na hapo nakubali mkaguzi yuko sahihi, ila kwa shingo upande, maana ofisi ina watu watatu. Kuahidi kuajiri wakati bajeti haipo ni kusema uongo kwa saini. Tumeandika kwamba muuguzi kiongozi atahesabu hela na keshia kila jioni, wote wasaini, na mhazini wa bodi atakuja kuhesabu kwa kushtukiza mara moja kwa mwezi.

Halafu hii ya tarehe naomba wenzangu wahasibu mnielewe. Wengi wanapenda kuandika 31 Desemba kwa sababu iko mbali na inapumzisha roho. Mwaka wa hesabu unafungwa siku hiyo hiyo! Mkaguzi akirudi Machi kupima hesabu za mwaka ule atakuta udhibiti haujafanya kazi hata siku moja ndani yake, na hoja inajirudia hata kama mmetekeleza kwa uaminifu. Ukianza Mei na Juni unampa zaidi ya miezi sita ya slipu, saini za jioni na karatasi za kuhesabu, anachomoa siku yoyote anayotaka.

Mganga mfawidhi alisoma, akaniuliza kama hatujajianika sana. Nikamwambia mkaguzi hayo yote ameshayaona, ambacho hajakiona ni chanzo na nani atafanya nini lini. Akasaini, na nakala ya kwanza nikamwomba ampe keshia.