Asilimia iliyoandikwa kwenye cheti sio gharama ya prifarensi sheya

Wiki jana nilikaa Industrial Area karibu siku nzima nikipitia hesabu za kiwanda kimoja cha katoni, kampuni ya familia, na bado sijatulia. Walikuwa wanataka kununua mashine mpya ya kuchapa katoni, mshauri wao akawafanyia ripoti nene, na kwenye ukurasa wa mtaji nikakuta hisa za upendeleo, yaani prifarensi, zile sheya zinazolipa mgao uliopangwa kila mwaka, zimewekwa gharama ya asilimia 6.3. Nikauliza hiyo 6.3 imetoka wapi. Mhasibu akanionyesha: cheti kinasema asilimia 9, halafu wakazidisha kwa 0.7 kwa sababu kodi ya kampuni ni asilimia 30. Basi.

Hiyo ya kodi naipitia haraka. Riba ya benki inakatwa kabla ya kodi kupigwa, mgao wa prifarensi unalipwa kutoka kwa faida ambayo tayari imelipiwa kodi. Hakuna punguzo. Hata pale mkaguzi anapoweka prifarensi upande wa madeni kwa sababu ni za kurudishwa siku fulani, hiyo ni kanuni ya kuandika vitabu, haifanyi mgao ugeuke riba mbele ya kodi.

Kitu kinachoniuma ni hiyo 9 yenyewe. Nilipomwambia gharama halisi ni asilimia 15, mhasibu aliniambia kwa upole kabisa, "Mkubwa, si cheti kinasema asilimia tisa, na sisi tunalipa shilingi tisa kila mwaka? Hakuna siku tutalipa kumi na tano." Na namwelewa, pesa inayotoka kwa akaunti ni shilingi 9 kwa kila sheya ya 100, hilo ni kweli.

Lakini hebu tuangalie sheya zenyewe. Ziko 500,000, ziliuzwa miaka mingi iliyopita kwa shilingi 100 kila moja, hazina tarehe ya kurudishwa, mgao ni 9 milele. Kitu kinacholipa kiasi kile kile milele thamani yake ni rahisi sana, unachukua mgao unagawanya kwa faida ambayo mnunuzi anataka. Siku zilipotolewa watu waliridhika na asilimia 9, kwa hivyo 9 / 0.09 ikaleta 100. Sasa miezi mitatu iliyopita mzee mmoja mwenye sheya hizo aliaga, familia yake ikauza, na mnunuzi alilipa shilingi 60. Yaani huyo mnunuzi ametoa 60 ili apate 9 kila mwaka, na 9 / 60 ni asilimia 15. Hiyo ndiyo gharama ya prifarensi ya kampuni hii leo. Ile 9 inakwambia watu walitaka nini enzi hizo.

Na wala si ajabu bei kushuka. Februari 2024 serikali yetu ya Kenya yenyewe ilitoa bondi ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, bila kodi. Mtu akitaka faida kama hiyo kwenye sheya inayolipa 9 hawezi kutoa hata shilingi 49. Riba zimeshuka tangu wakati huo, lakini cheti hakikusonga hata siku moja, kilikaa tu kwenye faili kikisema tisa.

Sasa turudi kwa swali la mhasibu, kwa nini useme 15 na unalipa 9? Nilimwambia hivi: chukua shilingi 60, inunue sheya yako mwenyewe kutoka kwa mwenye nayo, kuanzia mwaka ujao hulipi tena zile 9. Umeokoa 9 kwa 60, asilimia 15, baada ya kodi, kila mwaka bila kuwasha mashine yoyote. Kwa hivyo hiyo 60 ukiipeleka kwa kitu kinacholeta chini ya hapo umepoteza, hata kama hakuna risiti itakayokuonyesha umepoteza. Sheria au katiba ya kampuni inaweza kukuzuia kuzinunua kweli, sawa, lakini kipimo kinabaki pale pale.

Kama bado unaamini cheti, angalia pale soko la hisa la Nairobi. Kenya Power ina prifarensi za aina mbili, moja ya asilimia 4 na nyingine ya asilimia 7, zote za shilingi 20 kwenye cheti. Moja inalipa senti 80, nyingine shilingi 1.40. Kampuni ni hiyo hiyo, stima ni hiyo hiyo. Gharama ya prifarensi ya Kenya Power sasa ni 4 au ni 7? Hakuna jibu hapo, kwa sababu gharama haikai kwenye cheti. Mnunuzi anayetaka asilimia 14 angelipa kama 5.70 kwa ile ya kwanza na 10 kwa ile ya pili, na zote mbili zingeigharimu kampuni asilimia hiyo hiyo 14.

Sasa tuone kosa lilileta nini kule kiwandani. Wana mkopo wa milioni 60 kwa asilimia 14, ukitoa kodi ni 9.8. Hisa za kawaida tulizikadiria milioni 110 na wenyewe wanataka asilimia 20. Prifarensi ripoti iliziweka milioni 50, yaani bei ya cheti tena, kumbe sokoni ni milioni 30. Gharama ya mtaji wote ni wastani wa hizo tatu, kila moja kwa uzito wa fungu lake:

```
Ripoti:  50/220 x 6.3  + 60/220 x 9.8 + 110/220 x 20 = 14.1
Sahihi:  30/200 x 15.0 + 60/200 x 9.8 + 110/200 x 20 = 16.2
```

Mashine inatarajiwa kuleta asilimia 15. Kwa hesabu ya ripoti inunuliwe, kwa hesabu sahihi isinunuliwe. Nakubali kama prifarensi zingekuwa asilimia mbili tu ya mtaji hakuna mtu angeona tofauti, ila hapa ni 15, na hapa ndipo uamuzi mzima ulipogeukia.

Bei nayo lazima uihoji. Tulibahatika kuna mauzo ya juzi, kabla ya hapo sheya hizo hazikuwa zimeuzwa miaka minne. Nimeona watu wakikosa bei wanakisia faida ya asilimia 15, wanapata thamani ya 60, halafu wanagawanya 9 kwa hiyo 60 na kuandika kwamba soko limethibitisha asilimia 15. Jamani, hapo hakuna soko, ni kisio lako limekurudia. Kama hakuna bei sema wazi umekisia, anzia bondi ya serikali na mkopo wa kampuni yenyewe, panda kidogo, usifike gharama ya hisa za kawaida. Pia uliza kama kuna migao ya nyuma haijalipwa. Kama mnunuzi wetu alikuwa anadai migao miwili ya kulipwa karibuni, 18 ya ile 60 ingekuwa ni deni la zamani, sheya yenyewe ingebaki 42 na gharama ingeruka hadi asilimia 21. Tuliangalia, hakukuwa na deni.

Na wakitaka kutoa prifarensi mpya, za 100 zenye mgao wa 15, wakili na dalali wakila shilingi 4 kwa kila moja, kampuni inapokea 96, kwa hivyo gharama ni 15 / 96, asilimia 15.6. Zile gharama za kutoa sheya za zamani usiziingize, hizo zilishakwenda.

Jioni mhasibu akaniuliza, "Na mwakani zikiuzwa kwa 75 je?" Nikamwambia basi ni 9 / 75, asilimia 12, na hesabu yote ya juu inabadilika. Akafuta ile 6.3, akaweka 60 kwenye seli yake, na kando yake akaandika tarehe ya mauzo.