Filamu fupi ukiwa na nusu saa: simu au ukumbi?

“Nina nusu saa tu jioni. Filamu fupi nzuri nizitafute YouTube, Vimeo, au ningoje zionyeshwe Kampala?”

Kabla ya kuchagua mahali, tazama filamu ilitoka mwaka gani. Filamu fupi mpya kwa kawaida huzunguka kwenye matamasha kwa mwaka mmoja hadi miwili, na matamasha mengi hayapendi kupokea kazi ambayo tayari iko wazi mtandaoni. Katika kipindi hicho nakala kamili mara nyingi huwa imefungwa kwa nenosiri, na linki wanapewa waamuzi peke yao. Ukiitafuta, utakutana na trela, mahojiano na picha za zulia jekundu, nusu saa yako itaisha na filamu hujaiona. Kwa hiyo filamu iliyoanza kuonyeshwa mwaka huu au mwaka jana ni ya ukumbini, na ile yenye miaka mitatu na zaidi ina nafasi nzuri ya kupatikana kwenye simu. Si kanuni isiyo na tofauti, kwani wapo waongozaji wanaoachia kazi yao mtandaoni siku ya kwanza, lakini inakuokoa na utafutaji mwingi wa bure.

Simu ina faida moja kubwa: hakuna safari. Hasara yake ni kwamba kutafuta kunaweza kula muda mrefu kuliko kutazama. Chukua mfano wa “Watu Wote” ya mwongozaji Mjerumani Katja Benrath, iliyotoka 2017, inayozungumzwa Kiswahili na Kisomali. Inahusu shambulio la basi karibu na Mandera, Kenya, Desemba 2015, na iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Ukiandika jina lake peke yake, maneno hayo mawili ya kawaida yataleta nyimbo, mahubiri na taarifa za habari. Andika jina ndani ya alama za nukuu, kisha mwongozaji na mwaka:

```
"Watu Wote" Katja Benrath 2017
```

Hapo ndipo wengi hukwama kwa sababu ya kichujio cha muda. Kwenye YouTube, kundi la kati la kichujio hicho linaishia dakika 20, na mtu anayetafuta filamu fupi hulichagua bila kufikiri. “Watu Wote” ina dakika 22. “Pumzi” ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya 2009, nayo inazidi 20 kidogo. Zote mbili zinaangukia kundi la juu, pamoja na filamu za saa mbili. Kwa kanuni za Oscar filamu fupi inaweza kufika dakika 40, na wanafunzi wa vyuo vya filamu mara nyingi hutengeneza kazi za dakika 20 hadi 30. Ukijua jina la filamu, acha kichujio kabisa. Kitumie pale tu unapovinjari bila kujua unachotaka, na hata hapo usitegemee maneno “short film” yakusaidie sana, kwani yanavuta pia video za Shorts, ambazo tangu Oktoba 2024 zinaweza kufika dakika tatu.

Ukishapata video, linganisha urefu wake na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa tamasha au wa filamu yenyewe. Dakika mbili ni trela. Dakika 20 kamili kwa filamu ya 22 ni dalili kwamba aliyeipandisha ameiharakisha kwa asilimia kumi hivi ili ikwepe mfumo wa kutambua hakimiliki: sauti zitakuwa nyembamba na nyakati za kimya alizoziweka mwongozaji zitakuwa zimefupishwa. Dalili nyingine ni maandishi yanayosomeka kinyume kwenye vibao vya barabarani, maana picha imegeuzwa, au kingo zilizokatwa hadi manukuu yamepotea. Filamu inayotegemea manukuu ili uelewe mazungumzo ya Kisomali haifai kutazamwa hivyo. Iache, na uangalie chaneli ya mwongozaji au ya kampuni iliyoitengeneza.

Wapo wanaosema usijisumbue kutafuta, waachie wachaguzi. Hoja yao ina nguvu. Vimeo ina orodha ya Staff Picks, tovuti ya Short of the Week huchagua filamu na kuonyesha urefu wa kila moja, na chaneli ya Omeleto huweka filamu nzima kwenye YouTube. Kwa mtu aliyechoka saa mbili usiku, mtu mwingine amekwisha kupepeta. Lakini ungo wao una matundu yake: nyingi ya kazi hizo ni za Marekani na Ulaya, na za Kiingereza. Anayetaka kusikia Kiswahili, Kiganda au Kinyankole atasubiri sana hapo. Waongozaji wetu wengi hutangaza kazi zao kwenye mitandao ya kijamii, na Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021. Tangu hapo watu huingia kwa VPN, ambayo mara nyingi hupunguza kasi ya video. Ukiona tangazo huko, chukua jina na mwongozaji, kisha itafute filamu kwingine.

Kuhusu MB, filamu ya dakika 22 hula takribani 100 kwa 360p, 160 kwa 480p na 300 kwa 720p, zaidi kidogo ikiwa ina mwendo mwingi. Kwenye skrini ya simu, 480p inatosha. Kosa la kawaida ni kuacha ubora ujichague wenyewe: mtandao ukiwa na nguvu, unapanda bila kukuuliza, na bando linaisha kabla ya dakika za mwisho, ambazo katika filamu fupi ndizo zinazobeba kila kitu. Tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo uzembe huo una gharama.

Ukumbi, kwa upande wake, unaonekana kula muda mwingi. Programu ya filamu fupi huchukua dakika 90 hivi, na foleni ya jioni kutoka Ntinda au Kireka kwa taksi inaweza kuongeza saa moja kwenda na nyingine kurudi. Lakini dakika 90 hizo hubeba filamu tano hadi saba, zilizokwisha kuchujwa, na nyingine hutaziona popote kwa miaka miwili. Vituo vya utamaduni vya Alliance Française na Goethe-Zentrum huonyesha filamu, na Tamasha la Filamu la Uganda, ambalo Tume ya Mawasiliano (UCC) huliandaa tangu 2013, lina tuzo ya filamu fupi pia. Kibanda cha mtaani usikitegemee: biashara yake ni mechi na filamu ndefu zenye tafsiri ya VJ.

Kwa maoni yetu, mwenye nusu saa kila jioni ashike simu, ila asitafute na kutazama kwa mkao mmoja. Atenge robo saa Jumapili, ahifadhi linki nne alizokwisha kuzihakiki, na aandike urefu kando ya kila moja: 12, 22, 9, 15. Jioni anachagua namba inayoingia kwenye muda wake. Filamu mpya zisizopatikana aziweke kwenye orodha nyingine, na tarehe ya onyesho lao la kwanza. Orodha hiyo ndiyo ya kulinganisha na programu ya tamasha inapotoka. Tatu au zaidi zikikutana kwenye onyesho moja, safari inalipa; ikiwa ni moja tu, amwandikie mwongozaji kumuuliza itatoka lini. Wengi hujibu, na baadhi hutuma linki na nenosiri.